Malaria hasi, mapaja yamevimba

Nilikuwa namsubiri mkuu wa shule, nikakaa zahanati ya shule kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kiti. Ilikuwa shule ya bweni ya wavulana, kidato cha kwanza hadi cha sita, na mimi kama afisa ustawi wa jamii nilikuwa nimekwenda kwa shauri jingine kabisa. Nesi alikuwa anajaza daftari la wagonjwa. Nikaomba nilitazame, kwa mazoea ya kazi tu.

Jina moja lilikuwa limeandikwa mara tatu ndani ya siku 11. Mara ya kwanza kichwa kinauma, panadoli. Mara ya pili uchovu, kipimo cha malaria hasi, panadoli. Mara ya tatu, asubuhi ile ile, miguu inauma, "ameanguka bafuni". Kijana wa kidato cha kwanza, wiki ya tatu tangu aripoti.

Huyo ndiye wanafunzi wanayemwita njuka. Watu wazima wengi wakisikia neno hilo hufikiria usiku mmoja wa utani, ndoo ya maji ya baridi, kuimbishwa juu ya tranka, basi yameisha. Bwenini mambo hayaendi hivyo. Kinachoumiza ni kazi ya kila siku: njuka anaamshwa saa tisa usiku kumchotea maji mkubwa wake, anafua sare zake, anampelekea nusu ya maharage yake kutoka bwalo, na sabuni aliyonunuliwa na mama yake inaisha kwa siku nne. Akikataa au akichelewa ndipo adhabu inapokuja, usiku, baada ya taa kuzimwa. Kwa hiyo ukingoja kuona kipigo umechelewa. Usingizi, chakula na vitu ndivyo vinavyotangulia kupungua, na hivyo vinaonekana mchana: mtoto anasinzia kipindi cha kwanza kila siku, anaomba chumvi na sabuni kwa wenzake wiki ya pili ya muhula, ana kiu mahali penye maji, anafika bwalo wa kwanza na kuondoka akiwa na njaa.

Nikaomba aitwe. Alipanda ngazi tatu za zahanati akijivuta kwa mkono kwenye nguzo.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Kukaa kwenyewe kulimshinda, alijiachia kitini kama mzee. Mapaja yalikuwa yamevimba na magumu ukiyagusa. Nikamuuliza swali ambalo kila mlezi wa bweni angepaswa kulijua: mkojo una rangi gani? Akasema kama chai ya rangi.

Hapo uchunguzi ukasimama na gari likatafutwa. Mtu aliyerushwa kichurachura mara mamia bila kupumzika misuli yake inaweza kuanza kuvunjika, na vinavyotoka kwenye misuli hiyo hupita katika damu na kuziba figo. Maumivu ya kawaida ya mazoezi yapo, kila aliyecheza mpira anayajua, lakini hayaleti mkojo mweusi. Ukiuona, mtoto anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa dripu na vipimo vya damu. Na asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo zinazielemea figo zilizokwisha kuelemewa. Nesi hakuwa mzembe. Malaria nayo inaweza kuleta mkojo mweusi, ndiyo maana alipima. Ila kipimo kilipotoka hasi swali lilibaki bila mwenyewe.

Garini sikumuuliza nani alimpiga. Nilimwambia, "Nisimulie jana, tangu prepo ilipoisha." Akanyamaza hadi tulipofika barabara ya lami, kisha akaanza: amri ya kupanga mstari kati ya dabo deka, hesabu iliyorudishwa sifuri kila mtu mmoja alipoanguka, wavulana watatu wa kidato cha sita wakiwa wamekaa vitanda vya juu. Ukimtajia mtoto jina la kiranja naye akaitikia, jina hilo ni lako, si lake, na baadaye utaulizwa hilo. Aliponiomba nisimwambie mtu sikumwahidi. Nilimwambia watakaojua ni wanaotakiwa kulishughulikia tu, na nikamtajia mmoja mmoja.

Niliandika usiku ule ule. Tarehe, saa, maneno yake jinsi alivyoyatamka pamoja na misemo ya bwenini, mchoro wa mwili mbele na nyuma wenye alama pale palipovimba. Alama za kuanguka kwa kawaida huwa pale mfupa ulipo karibu na ngozi: goti, muundi, kiwiko, paji la uso. Alama za mgongoni, matakoni, nyuma ya mapaja na nyuma ya masikio zinahitaji maelezo mengine. Kwenye ngozi nyeusi vilio la damu huenda lisionekane kabisa, kwa hiyo tazama uvimbe na uliza panauma wapi. Usijaribu kukisia jeraha lina siku ngapi kwa rangi yake, hata madaktari hukosea.

Mkuu wa shule alipokea taarifa vizuri, kisha akasema sentensi ninayoisikia kila mara: tuwaite wote wanne, tuyamalize hapa hapa. Nilikataa, kwa heshima. Kumkalisha mtoto mbele ya waliomwonea ni kumfanya akanushe. Tena hakuna cha kumaliza hapo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka yeyote mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na mwalimu hakusamehewa. Nilizipeleka halmashauri, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ilikopatikana PF3. Fomu hiyo haipaswi kutangulia matibabu, na sisi tulikuwa tumekwisha kwenda hospitali. Kama kungekuwa na dalili ya ukatili wa kingono saa zingehesabika zaidi, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Mlezi asiyejua aanzie wapi apige 116, simu ya mtoto, ni bure.

Wawili kati ya wale watatu walikuwa wametimiza miaka 18. Walimu walishtuka kusikia kwamba kisheria hao ni watu wazima waliomdhuru mtoto. Yule wa tatu alikuwa na miaka 17, naye pia ana haki zake kama mtoto. Alipohojiwa alisema, "Hata sisi tulirushwa."

Jambo lililowauma walimu zaidi halikuwa katika taarifa yangu. Kanuni za viboko zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visivyozidi vinne, navyo viandikwe kitabuni. Kiranja hayumo popote. Lakini bweni lile lilikuwa na mlezi mmoja aliyelala nyumba ya mbali, na kwa miaka mingi viranja ndio waliokuwa "wanashika nidhamu" usiku. Fimbo ilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chao, kila mtu akiijua.

Walitaka kumhamisha kijana bweni lingine "kwa usalama wake". Tuliwahamisha wakubwa. Anayehamishwa ndiye bweni zima humwona mkosaji.

Figo zake zilirejea sawa baada ya siku sita wodini. Nesi alichora safu mpya katika daftari lake, "bweni", kando ya jina la mgonjwa. Februari iliyofuata alinipigia simu: majina manne, wiki moja, safu hiyo yote inasoma bweni moja.