Ombi la likizo ya uzazi: kutoka meseji ya WhatsApp hadi barua rasmi

"Shikamoo bosi. Si unaijua hali yangu, nadhani mwisho wa mwezi wa tatu nitaanza kupumzika. Kazi zangu yule wa mauzo atanishikia. Asante bosi."

Meseji kama hii hutumwa kila siku, na mara nyingi bosi hujibu "sawa, hakuna shida". Shida huanza siku ya mishahara, au bosi anapohamishwa na aliyekuja nyuma yake hajui mlikubaliana nini. Ombi rasmi la likizo ya uzazi ni meseji hiyohiyo iliyojibiwa maswali yote: lini unaanza, lini unarudi, kwa ushahidi gani, na nani atafanya nini usipokuwepo.

Tuchukue mfano wa Tanzania, ambako Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo inayoongoza. Mama ana siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akishauri.

Tuseme mwenye meseji ni mhasibu msaidizi, na makadirio yake ni Aprili 20, 2026. Barua inapaswa kufika kabla ya Januari 20. Kuanza mapema kabisa ni Machi 23. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu siku 84 huhesabiwa mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Akianza Machi 23, wiki nne zinaliwa kabla mtoto hajazaliwa na anabaki na wiki nane za kukaa naye. Akianza Machi 30, anabaki na wiki tisa. Anayejisikia vizuri na kazi yake si ya kusimama kutwa ana sababu nzuri ya kusogeza mbele. Uamuzi huo afanye yeye na daktari wake kabla ya kuandika, maana neno "nadhani" halina nafasi kwenye barua.

Basi barua yake, ya Januari 12, inasomeka hivi:

YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA UZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba likizo ya uzazi ya siku 84, kuanzia Jumatatu, Machi 30, 2026 hadi Jumapili, Juni 21, 2026. Nitarejea kazini Jumatatu, Juni 22, 2026. Tarehe ya makadirio ya kujifungua ni Aprili 20, 2026, kama inavyoonyeshwa kwenye cheti cha daktari nilichoambatanisha.

Kazi zangu zitashikwa na mhasibu wa mauzo, ambaye nimezungumza naye na amekubali. Nitaanza kumwelekeza Machi 16 na kumkabidhi rasmi Machi 27. Mpango wa makabidhiano umeambatanishwa.

Mpango wenyewe ukurasa mmoja unatosha, ila uwe na vitu vinavyoshikika. "Atanishikia kazi" haimsaidii mtu. Andika kwamba PAYE hulipwa TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata na ritani ya VAT kabla ya tarehe 20. Kwamba fedha taslimu za matumizi madogo zitahesabiwa mbele ya meneja Machi 27 na wote watatu kusaini. Kwamba madai ya mteja fulani bado hayajafungwa na faili liko wapi. Nywila usiikabidhi. Omba mwenzako afunguliwe akaunti yake, la sivyo kila kitakachofanyika kwa miezi mitatu kitasomeka kwa jina lako.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Akijifungua mapacha, anaandika barua fupi ya nyongeza: likizo itaisha Julai 7 na atarejea Julai 8.

Kwa baba, sheria hiyohiyo inatoa siku tatu, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Hawezi kutaja tarehe kamili, hivyo aandike mapema "siku tatu ndani ya wiki ya kujifungua, inayotarajiwa kuwa ya Aprili 20", ataje atakayemshikia zamu, na athibitishe kwa simu mtoto akizaliwa. Kenya hesabu ni nyingine: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili, na mama hutoa taarifa ya maandishi angalau siku saba kabla ya kuanza likizo.