Je, wajua namba tatu zinatokaje ndani ya #D9531E?

*“Mteja kaniletea rangi ya lebo ya chupa zake za mawese, kaiandika #D9531E. Programu ya hapa stesheneri, Mwanga, inataka namba tatu: nyekundu, kijani na bluu. Nazipataje bila intaneti? Na zile fupi kama #F60, tarakimu nyingine zimeenda wapi?”*

Weka kando alama ya `#`, kisha kata zilizobaki mbilimbili: D9 ni nyekundu, 53 ni kijani, 1E ni bluu. Mpangilio huo haubadiliki. Kila jozi ni namba moja iliyoandikwa kwa heksadesimali, yaani mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita. Tarakimu zetu za 0 hadi 9 hazitoshi hapo, kwa hiyo A inashika nafasi ya 10, B ni 11, C ni 12, D ni 13, E ni 14 na F ni 15. Herufi ikiwa kubwa au ndogo, thamani ni ileile.

Shuleni tulifundishwa mamoja na makumi. Hapa tarakimu ya kulia ni mamoja kama kawaida, ila ya kushoto inahesabu kumi na sita ngapi zimo. Basi zidisha ya kushoto kwa 16, ujumlishe ya kulia:

```
D9 = 13 × 16 + 9 = 217
53 =  5 × 16 + 3 =  83
1E =  1 × 16 + 14 = 30
```

Andika 217, 83, 30 kwenye programu yako. Jozi kubwa kuliko zote ni FF, nayo ni 255, kwa hiyo ukipata namba inayozidi hapo, ujue umekosea kuzidisha. Hata kabla ya hesabu unaweza kuikisia rangi: nyekundu ni nyingi, kijani ni kiasi, bluu ni kidogo sana, na mchanganyiko huo ni rangi ya machungwa iliyoelemea wekundu, kama mawese yenyewe. (Namba hizi ni za mwanga wa kioo. Wino hufuata kanuni nyingine, kwa hiyo chapa lebo moja ya majaribio mteja aione.)

Kurudi nyuma ni kugawanya kwa 16. Kikokotoo cha simu kitakuambia 217 ÷ 16 ni 13.5625. Namba nzima, 13, ndiyo D. Ile sehemu ya desimali, 0.5625, izidishe kwa 16 upate baki: 9. Ndiyo D9 hiyo imerudi. Kwa namba iliyo chini ya 16, sifuri ya mbele lazima iandikwe: 5 ni `05`, si `5`.

Sasa zile fupi. Katika `#F60` hakuna kilichopotea, kwa sababu kila tarakimu inasimama badala ya jozi ya tarakimu pacha. Unairudia kila moja papo hapo: `#FF6600`, yaani 255, 102, 0. Wengi huongeza sifuri nyuma wakapata `#F06000`, ambayo ni 240, 96, 0, rangi iliyofifia kidogo. Kurudia kuna sababu nzuri: `#FFF` inafika 255 zote tatu, nyeupe kamili. Kwa sifuri ingeishia 240, na nyeupe isingeandikika kwa ufupi kabisa.

Kwa hiyo `#D9531E` haifupishiki bila kubadilika, maana D na 9 si pacha. Ukilazimika, usichukue tu tarakimu ya kwanza ya kila jozi. Gawanya kila namba kwa 17, kisha ukadirie kwenye namba nzima iliyo karibu: 217 inatoa 13, 83 inatoa 5, 30 inatoa 2. Unapata `#D52`, yaani 221, 85, 34. Imesogea kidogo, lakini inavumilika. Ile ya kukata tu ingekupa `#D51`, na bluu ingeshuka kutoka 30 hadi 17.

Hapa ndipo sifuri iliyosahaulika inapoleta balaa. Chukua 0, 9, 200. Sahihi ni `#0009C8`. Ukiacha sifuri mbili unabaki na `#09C8`, na kwenye kurasa za wavuti tarakimu nne ni msimbo halali: tatu ni rangi kwa ufupi, ya nne ni kiasi cha kuziba kilicho nyuma. Kivinjari hakitalalamika. Kitachora 0, 153, 204, bluu nyepesi tena inayopitisha mwanga. Ukiacha sifuri moja tu, zinabaki tarakimu tano, na hizo kivinjari hukataa kuzisoma. Ukiona rangi imegoma kabisa, au maandishi ya nyuma yanachungulia usipotarajia, anza kwa kuhesabu tarakimu.