TIN ya marehemu hairithiwi, na salio anzia halikadiriwi kwa macho

Wiki iliyopita nimeambiwa kwa mara nyingine, safari hii na kijana aliyeachiwa na baba yake duka la vifaa vya ujenzi, kwamba «TIN ya mzee bado inafanya kazi, kwa hiyo tunaendelea nayo.» Inafanya kazi kwa sababu hakuna aliyeitaarifu TRA. Miezi minne baada ya mazishi, mashine ya EFD ilikuwa ingali inatoa risiti kwa jina la marehemu.

Nazungumzia duka la mtu binafsi. Kampuni haifi na mwenye hisa, na TIN yake hubaki ileile. TIN ya mtu binafsi ni ya mtu huyo. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama, huipeleka TRA barua ya usimamizi pamoja na cheti cha kifo, hukamilisha ritani na kodi za marehemu kutoka katika mali aliyoiacha, kisha huomba TIN hiyo ifungwe. Mrithi anayekabidhiwa duka huliendesha kwa TIN na leseni yake.

Linaloniudhi zaidi ni daftari. Kijana alihesabu mali Julai, akaipangia bei ya kuuzia, akaandika jumla yote kuwa mtaji wake. Salio anzia, yaani kiasi ambacho daftari huanza nacho, kwa mirathi ni la siku ya kifo, ambayo hapa ilikuwa Machi, na mali huandikwa kwa bei ya kununulia. Faida ambayo haijauzwa si mali.

Siku ya kifo haikuhesabiwa, basi tukarudi nyuma. Mali ya Julai kwa bei ya kununulia ilikuwa shilingi 15,000,000. Tukaongeza 9,000,000, gharama ya bidhaa zilizouzwa tangu Machi, tukatoa 6,000,000 za manunuzi mapya, tukapata 18,000,000. Fedha taslimu zilikuwa 1,200,000. Wateja walidaiwa 4,000,000, nami nikakubali 2,500,000 tu. Hapo ndipo pananisumbua: mzee alikopesha kwa neno la mdomo, na kuamua nani atalipa ni kubahatisha kwa adabu. Madeni ya msambazaji na kodi ya marehemu yalifika 7,600,000. Mtaji halisi ukawa 14,100,000. Kijana alikuwa ameandika 27,000,000.

Hizo 14,100,000 nazo bado si zake. Ni za mirathi, pamoja na faida ya miezi ile minne, hadi mgawanyo ufanyike. Dada zake wawili wana haki humo. Siku ya kukabidhiwa, mali huhesabiwa upya, na hesabu hiyo ndiyo huwa salio anzia la daftari lake yeye. Ile ya siku ya kifo huingia katika Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni ya marehemu, ambayo msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Dada mkubwa ameomba nakala.