Kabla ya kuandika "bajeti yetu imepanda": namna ya kufupisha kitabu cha makadirio cha wizara

Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Agosti, Hazina ya Taifa hutoa waraka unaofungua mzunguko wa bajeti ya mwaka unaofuata, kama kinavyoagiza kifungu cha 36 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Baada ya waraka huo, maafisa wa mipango katika ofisi za wizara hapa Nairobi huagizwa kuandaa ukurasa mmoja au miwili unaoonyesha idara ilitengewa kiasi gani mwaka huu na kiasi hicho kimebadilika vipi kutoka mwaka uliotangulia. Ukurasa huo ndio unaobebwa hadi kwenye vikao vya makundi kazi ya sekta, na ndio msingi wa kuomba fedha za mwaka ujao.

Malalamiko kuhusu kurasa hizi yamekuwa mengi, na mengi yana chanzo kimoja. Hesabu yenyewe huwa sahihi, ila afisa amelinganisha tarakimu mbili zisizolingana. Maelezo haya yanahusu kosa hilo. Hayachukui nafasi ya waraka wa Hazina, na pale yanapotofautiana na waraka wa mwaka husika, waraka ndio unaofuatwa.

Tuanze na vitabu. Fungu la kila idara lina namba ya tarakimu nne, na fedha zake zimechapishwa kwa namna mbili. Upande mmoja kuna kitabu cha programu, kinachopanga fedha kwa programu na programu ndogo. Upande wa pili kuna vitabu vya matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo, vinavyopanga fedha zilezile kwa aina ya matumizi: mishahara, safari, mafuta ya magari, ruzuku kwa mashirika na kadhalika. Ni fedha zilezile. Anayejumlisha kitabu kimoja juu ya kingine huipa idara yake mara mbili ya ilichopewa, na jambo hili bado linatokea. Chukua mgawanyo wa programu kutoka kitabu cha kwanza, aina ya matumizi kutoka vitabu vya pili, kisha hakikisha jumla za fungu zinaoana kwa shilingi, si kwa kukadiria. Tarakimu zinazonakiliwa kutoka faili ya PDF mara nyingi huingia kama maandishi kwa sababu ya koma au nafasi, na Excel huziruka bila kusema neno. Kagua kila safu kwa fomula kama hii, ambapo C10 ni jumla iliyochapishwa:

```
=SUM(C2:C9)-C10
```

Jibu likiwa tofauti na sifuri, usiendelee.

Sasa mwaka wa msingi. Makadirio ya mwaka mmoja wa fedha hayana tarakimu moja. Yapo yaliyoidhinishwa kabla mwaka haujaanza Julai 1, na yapo yaliyorekebishwa na bajeti ya nyongeza, ambayo inaweza kuja zaidi ya mara moja. Mwaka wa 2024/25 unaonyesha hili waziwazi. Rais alikataa kutia saini Mswada wa Fedha mnamo Juni 26, 2024, na bajeti ya nyongeza iliyopunguza matumizi ikafuata mapema katika mwaka huohuo wa fedha. Afisa aliyechukua makadirio ya Juni kama msingi alilinganisha mwaka mpya na fedha ambazo idara haikuwa nazo tena. Aliyechukua nyongeza ya kwanza akasahau iliyokuja baadaye naye alikosea, ingawa kwa kiasi kidogo.

Usiiamini safu ya mwaka uliopita iliyochapishwa ndani ya kitabu kipya. Makadirio mapya hufikishwa Bungeni kufikia Aprili 30, na nyongeza inaweza kupitishwa baada ya hapo. Tarakimu ya mwisho itafutwe katika jedwali la Sheria ya Matumizi ya Fedha ya nyongeza iliyo ya mwisho kwa mwaka huo. Katika muhtasari, weka safu zote mbili za mwaka uliopita, ya Juni na ya mwisho, na useme wazi asilimia yako imetokana na ipi.

Hapa kuna utaratibu ambao wengi huuchanganya, kwa hiyo tuueleze kikamilifu. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa, ikiwa zilizotengwa hazitoshi au limetokea hitaji ambalo halikutengewa fedha. Idhini ya Bunge lazima iombwe ndani ya miezi miwili baada ya fedha za kwanza kutolewa, na jumla haiwezi kuzidi asilimia 10 ya kilichoidhinishwa na Bunge kwa mwaka huo, isipokuwa Bunge lenyewe liidhinishe zaidi katika hali maalum. Hilo ni tofauti na uhamisho wa ndani wa kifungu cha 43 cha Sheria ya 2012. Huko, Katibu wa Wizara anaweza kuhamisha fedha kutoka programu moja hadi nyingine kwa idhini ya Hazina, kukiwa na fedha ambazo hazielekei kutumika, na jumla ya uhamisho kuingia au kutoka katika programu isizidi asilimia 10 ya fedha za programu hiyo. Fedha za maendeleo hazihamishiwi matumizi ya kawaida, wala za mishahara hazihamishiwi matumizi mengine. Kwa afisa wa mipango maana yake ni hii: programu ndogo ikiongezeka katikati ya mwaka, andika kama chanzo ni nyongeza au uhamisho. Uhamisho haubadilishi jumla ya fungu, nyongeza inaweza kuibadilisha.

Jambo linalofuata ndilo linaloharibu mihtasari mingi zaidi. Jumla ya fungu ina vyanzo viwili: fedha zinazotoka Hazina, na mapato yanayokusanywa na idara yenyewe au mashirika yaliyo chini yake, kama ada za leseni, huduma na masomo. Yote huhesabiwa ndani ya jumla, kisha mapato ya ndani hutolewa ili kubaki kiasi cha Hazina. Mapato hayo yakikadiriwa kuwa makubwa, jumla hupanda hata kama Hazina imepunguza mkono. Tena, ada inayokusanywa na shirika hutumiwa na shirika hilo. Makao makuu ya idara hayawezi kuipangia semina wala mafuta ya gari.

Tuchukue idara ya mfano, tarakimu zikiwa za kufundishia tu, kwa mamilioni ya shilingi, upande wa matumizi ya kawaida. Makadirio ya Juni yalikuwa 1,200, nyongeza ya mwisho ikayashusha hadi 1,080, na mwaka mpya umetengewa 1,150. Ukilinganisha na Juni, idara imepungukiwa kwa asilimia 4.2. Ukilinganisha na nyongeza, imeongezewa asilimia 6.5. Kwa kuwa nyongeza ndiyo iliyokuwa sheria mwaka ulipofungwa, asilimia 6.5 ndiyo ya kuanzia. Lakini si ya kumalizia.

Ndani ya zile 1,080, mapato ya ndani yalikuwa 150, na Hazina ikatoa 930. Ndani ya 1,150, mapato ya ndani ni 240, Hazina 910. Kwa hiyo jumla imepanda kwa 70 huku kiasi cha Hazina kikishuka kwa 20, yaani asilimia 2.2. Kisha kuna kitengo kilichohamishiwa idara hii kutoka idara nyingine baada ya agizo la rais la kupanga upya serikali, chenye fedha 60 zote za Hazina. Kitengo hicho kimekuja na watumishi wake na kazi zake, kwa hiyo hakiwezi kuhesabiwa kama nyongeza kwa kazi za zamani. Kikiondolewa, jumla inayolinganika ni 1,090, na kiasi cha Hazina ni 850.

| Kipimo | Mwaka uliopita (nyongeza ya mwisho) | Mwaka mpya | Badiliko |
|---|---|---|---|
| Jumla kama ilivyochapishwa | 1,080 | 1,150 | +6.5% |
| Kiasi cha Hazina | 930 | 910 | −2.2% |
| Jumla bila kitengo kilichohamia | 1,080 | 1,090 | +0.9% |
| Kiasi cha Hazina bila kitengo hicho | 930 | 850 | −8.6% |

Mstari wa mwisho ndio unaoieleza hali ya kazi za idara. Afisa aliyesimama kwenye mstari wa kwanza angeingia kikaoni kushukuru kwa ongezeko, wakati alipaswa kueleza pengo la milioni 80 na kuuliza kama mapato ya ndani ya 240 yanaweza kukusanywa kweli. Swali hilo hujibiwa kwa kuangalia makusanyo halisi katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Ikiwa mwaka uliopita idara ililenga 150 ikakusanya 130, basi 240 inahitaji maelezo.

Upande wa maendeleo uwe na jedwali lake, wala usichanganywe na huu. Tenganisha fedha za serikali, mikopo na ruzuku za wafadhili. Baadhi ya fedha za wafadhili hulipwa moja kwa moja kwa mkandarasi bila kupita Hazina, hivyo zimo kitabuni lakini idara haizishiki. Mradi uliokamilika ukitoka kitabuni, fungu linashuka bila mtu yeyote kukatiwa kitu. Andika "mradi umekamilika", usiandike "punguzo".

Inasikitisha pia kuona makadirio ya miaka miwili ya mbele, yaliyochapishwa pembeni, yakinukuliwa kama ahadi. Bunge halijayaidhinisha. Vilevile makadirio si fedha iliyoko benki: kila utoaji kutoka mfuko wa umma unahitaji idhini ya Msimamizi wa Bajeti chini ya kifungu cha 228 cha Katiba, na utoaji unaweza kuchelewa au usifike kiasi chote. Wanaosema "tumetengewa, kwa nini hatulipwi" wanauliza swali halali, lakini jibu lake halimo katika kitabu cha makadirio.

Muhtasari wenye kosa peke yake si kosa la jinai. Hata hivyo, idara ikiingia mikataba kwa kutegemea tarakimu isiyokuwepo, afisa aliyeidhinisha anaweza kuwajibika binafsi kwa hasara iliyotokana na uzembe, chini ya kifungu cha 202 cha Sheria ya 2012. Makosa ambayo Sheria hiyo haikuyawekea adhabu mahususi huadhibiwa chini ya kifungu cha 199 kwa kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili.

Chini ya jedwali weka maelezo manne mafupi: kitabu na tarehe kila safu ilikotoka, kama tarakimu ni shilingi kamili au mamilioni (vitabu huchapishwa kwa shilingi kamili, ripoti za sekta kwa mamilioni), kitengo chochote kilichohamia au kuhama pamoja na namba ya fungu lake la awali, na jina la afisa aliyekagua jumla. Nakala za kurasa zilizotumika ziambatishwe, zikiwa na alama kwenye mistari iliyonukuliwa.