Zum imejaa: wanahesabu vifaa, siyo watu

Mwaka huu nilisaidia kuandaa webina ya walimu wa Kiswahili hapa Uganda. Akaunti yetu ni ya viti 100, waliojisajili 160, na kila mtu alikuwa ananiambia usijali, wamejisajili si wataingia tu.

Hapo ndo dhana ya kwanza. Kujisajili hakukushikii kiti, anayewahi ndo anakaa, na wewe mwenyeji pia umo ndani ya hizo 100. Halafu kinachohesabiwa ni kifaa kilichounganishwa, siyo kichwa, kwa hiyo mwalimu akiingia kwa simu ili asikie na kwa laptopu ili aone slaidi ashakula viti viwili, tuliwakuta kama hao saba hivi. Ila ukigeuza hesabu inakusaidia: Gulu walimu 38 walikaa darasa moja na laptopu moja, projekta na spika, wakatumia kiti kimoja tu, Mbarara wengine 30 hivyohivyo. Hao 68 wakawa viti viwili, waliobaki 92 wakaenea bila shida, tulivyowaomba wale saba wafunge kifaa kimoja.

Dhana nyingine, eti kuwa na ukumbi wa pili wa kukusanyika kama ule wa Gulu ni kuwasha laptopu basi. Jamani hapana. Gulu sauti ilianza kurudi inajirudia mpaka mtoa mada akanyamaza, kumbe mmoja mle ndani alikuwa amejiunga kwa simu yake na spika imewashwa. Ndani ya chumba kimoja iwe maiki moja na spika moja, wengine wote wazime kabisa sauti ya kifaa, kuziba maiki peke yake hakutoshi maana spika yake bado inaimba kwenye maiki ya laptopu.

Na kuna wanaosema ikijaa tunafungua Yutubu palepale. Chaneli ambayo haijawahi kurusha laivu inaweza kusubiri hadi saa 24 kabla ya kuruhusiwa, na kwenye Zum lile chaguo la kurusha Yutubu linataka akaunti ya kulipia. Sisi tuliwasha siku tatu kabla tukajaribu kwa dakika tano, linki tukaiweka kwenye grupu la Wasap mapema. Kwa Uganda nisingeegemea Fesibuku, ilifungiwa Januari 2021 na watu wengi wakabaki kuingia kwa VPN.

Sasa wa Yutubu wasidhaniwe wako sawa na walio ndani. Picha inawafikia imechelewa, mara nyingi sekunde 20 au zaidi, mtoa mada akiuliza "kuna swali?" na kuendelea baada ya sekunde tano, wao hata hawajasikia hilo swali. Tulimweka mwenzetu mmoja kazi yake kusoma maoni ya Yutubu tu, na mwongozaji alikuwa anachukua maswali ya ndani kwanza ndo anamgeukia yeye, kufikia hapo ya Yutubu yalikuwa yashafika.