Odi ya Simba imeshuka: nani kaishusha, na kwa nini

Ijumaa moja jioni, kwenye kijiwe cha kahawa pale Chikongola mjini Mtwara, kijana mmoja alinionyesha simu yake kwa hasira. Asubuhi alikuwa ameiona Simba ikiwa na odi ya 1.85 dhidi ya Namungo pale Ruangwa, yaani kila shilingi ingelipwa 1.85 Simba ikishinda, na sasa ilikuwa 1.70. "Mwalimu, hawa wameshajua matokeo," akasema. Nilimwuliza ni wangapi pale kijiweni waliokuwa wamempa Simba. Walikuwa wote, isipokuwa mzee mmoja wa Lindi ambaye, kwa mapenzi tu, alikuwa ameiwekea Namungo shilingi elfu moja. Nikamwambia kwamba sababu ya odi kushuka imeketi pale pale inakunywa kahawa.

Kazi yangu ni kufundisha takwimu, na swali la kijana yule huletwa chuoni kwetu mara nyingi kiasi kwamba linastahili kujibiwa kwa hesabu. Kampuni za kubeti hazitangazi madau zinayopokea, kwa hiyo kiasi nitakachokitaja hapa ni cha mfano, lakini njia ya kukokotoa ndiyo ile ile inayotumika.

Mpanga odi wa kampuni huanza na uwezekano, yaani makadirio yake kwamba mechi kama hiyo ikichezwa mara mia moja, Simba itashinda mara ngapi, watatoka sare mara ngapi, na Namungo itashinda mara ngapi. Hutazama mabao ya mechi zilizopita, nani yuko nyumbani, nani amesafiri, nani ameumia. Tuseme amefikia asilimia 50 kwa Simba, 28 kwa sare na 22 kwa Namungo. Odi isiyo na faida yoyote hupatikana kwa kugawa 100 kwa asilimia hiyo, kwa hiyo Simba ingekuwa 2.00, sare 3.57 na Namungo 4.55. Hizo hazitawekwa hadharani kamwe, kwa sababu kampuni inayozitoa haijiachii hata senti ya kulipia umeme. Mpanga odi huzipunguza kidogo zote tatu, na kufungua soko kwa 1.85, 3.30 na 4.20. Ukigawa 100 kwa kila moja ya odi hizi na kujumlisha majibu, unapata takribani 108 badala ya 100. Hiyo nane iliyozidi ndiyo nafasi ya kampuni, na msomaji yeyote anaweza kuipima kwa kikokotoo cha simu.

Odi za kufungulia huwa ni dhana iliyowekwa mezani ili ijaribiwe. Ndiyo maana kampuni makini hufungua soko zikiwa zimeweka ukomo mdogo wa dau, kwa kuwa watu wa kwanza kufika mara nyingi ni wale wachache wanaokokotoa kuliko mpanga odi mwenyewe. Wakikimbilia upande mmoja kwa pamoja, yeye huelewa kwamba huenda amekosea asilimia zake, na hurekebisha hata kama fedha iliyoingia ni ndogo. Makosa yakishachujwa, ukomo huongezwa na umma huingia.

Hapo ndipo tatizo la pili linapoanza. Tuseme kufikia Ijumaa jioni madau yamefika shilingi milioni 8, kati ya hizo milioni 6 zikiwa kwa Simba, milioni 1 kwa sare na milioni 1 kwa Namungo. Simba ikishinda, kampuni italipa milioni 11.1, maana yake itapoteza milioni 3.1 kutoka mfukoni. Ikitoka sare italipa milioni 3.3 na kubaki na milioni 4.7. Namungo ikishinda italipa milioni 4.2 na kubaki na milioni 3.8. Hizo fedha za kulipa kwa kila matokeo ndizo huitwa dhima, na mpanga odi huwa nazo mbele yake kwenye skrini muda wote.

Hapa watu wengi hupotea. Mpanga odi huyo hajafanya vibaya. Ukizidisha kila tokeo kwa uwezekano wake, kampuni bado inatarajia faida ya takribani shilingi 602,000. Lakini matarajio ni ya mechi nyingi, na yeye ana mechi moja ambayo, kwa asilimia 50, itamtoa milioni 3.1. Kampuni kubwa hulibeba hilo bila kukosa usingizi. Ndogo huanza kuhangaika.

Njia yake ni kuifanya Simba isivutie na wengine wavutie. Anashusha Simba hadi 1.70, anapandisha sare hadi 3.60 na Namungo hadi 4.90. Waliokwisha kubeti kwa 1.85 watalipwa kwa 1.85, kwa hiyo deni la zamani linabaki lilivyo na kinachobadilika ni mgawanyo wa fedha mpya. Tuseme Jumamosi zinaingia milioni 5 nyingine, milioni 2 kwa Simba, milioni 1.5 kwa sare na milioni 1.5 kwa Namungo. Sasa Simba ikishinda hasara ni milioni 1.5, ikitoka sare faida ni milioni 4.3, na Namungo ikishinda faida ni milioni 1.45. Kitabu, yaani hesabu ya madau yote ya mechi hiyo, hakijalingana, na katika kazi halisi ni nadra kilingane kabisa, ila tundu limepungua kwa zaidi ya nusu.

Tundu hilo lilizibwa kwa gharama. Kwenye milioni 8 za kwanza matarajio ya faida yalikuwa kama asilimia 7.5, kwenye milioni 5 za baadaye ni kama shilingi 171,000 tu, yaani asilimia 3.4. Kama makadirio ya awali ni sahihi, odi ya 4.90 kwa Namungo iko juu ya ile 4.55 isiyo na faida, hivyo aliyeichukua amenunua kwa bei ya kumuumiza muuzaji. Kwa maneno mengine, mzee wa Lindi alibeti mapema mno. Hii ndiyo sababu mpanga odi mzoefu huacha kitabu kiegemee upande mmoja hadi kiasi fulani, kwa kuwa kulazimisha ulinganifu ni kuuza faida yake mwenyewe kwa wanaojua hesabu.

Mikeka, yaani tiketi moja yenye mechi kadhaa ambazo lazima zote zitiki, hufanya jambo hili liwe gumu zaidi. Mkeka wa mechi kumi hauonekani kuwa na uzito mwanzoni, lakini tisa zikitiki na ikabaki Simba ya jioni, tiketi ya shilingi 1,000 inaweza kuwa imebeba malipo ya mamilioni yanayosubiri mechi moja. Kwa kuwa timu kubwa huwekwa kwenye mikeka mingi, dhima hufumuka saa chache kabla ya mechi, na odi inaweza kushuka ingawa karibu hakuna aliyeweka fedha mpya.

Je, utajuaje kama odi imeshuka kwa dhima au kwa habari? Linganisha kampuni kadhaa. Kipa wa kwanza akikosekana kwenye kikosi kinachotangazwa kama saa moja kabla ya mechi, karibu kampuni zote husogea pamoja, kwa sababu uwezekano wenyewe umebadilika. Ikisogea moja tu na nyingine zikabaki, mara nyingi ni kitabu chake kilichoelemewa. Kipimo hiki kina mpaka wake, kwani kampuni nyingi hununua odi kutoka kwa msambazaji mmoja, na zikisogea pamoja huenda aliyesogea ni huyo mmoja tu. Pale Chikongola tulifungua kampuni nyingine mbili kwenye simu ya kijana yule. Zote zilikuwa bado na Simba kwa 1.84.