Programu ya Mstari: Hesabu ya Marinda na Kaptura

Programu ya mstari ni njia ya kutafuta mpango bora, yaani ule wenye faida kubwa kabisa au gharama ndogo kabisa, pale ambapo vitu vinavyohitajika katika kazi vina kikomo na kila kikomo kinaweza kuandikwa kwa hesabu ambayo mchoro wake ni mstari ulionyooka. Kwa hapa kwetu, wengi hukutana nayo katika hisabati ya kidato cha nne, wakachora mistari na kutia kivuli, kisha wakaisahau baada ya mtihani. Ni hasara, kwa sababu fundi wa nguo yeyote anayeshona zaidi ya aina moja ya vazi hukabiliwa na swali hilo kila Jumatatu.

Tuchukue fundi wa Kawangware anayeshona sare za shule pamoja na msaidizi wake. Kitambaa ni kimoja, lakini mavazi ni mawili: rinda la msichana na kaptura ya mvulana. Rinda hula mita 2 za kitambaa na saa 2 za kazi; kaptura hula mita 1 na saa moja unusu. Kwa wiki, fundi huyu hupata mita 60 za kitambaa kutoka kwa muuzaji wake wa jumla, na wote wawili kwa jumla wana saa 72 za kushona. Shule imeagiza kaptura zisizozidi 32, ilhali marinda yote yatakayoshonwa yana mnunuzi. Kila rinda humwachia faida ya shilingi 300, na kila kaptura shilingi 180.

Faida hiyo imehesabiwa baada ya kutoa bei ya kitambaa na uzi, lakini bila kutoa mshahara wa msaidizi, kwa kuwa mshahara huo hulipwa kwa wiki na haubadiliki hata akishona rinda moja tu. Mtu anayeugawanya mshahara huo kwa kila vazi hujipa tarakimu zinazoonekana makini, ilhali zinaweza kumwelekeza kwenye mpango usiofaa.

Sasa tuite idadi ya marinda x na idadi ya kaptura y. Masharti yanaandikwa hivi, alama ya ≤ ikisomwa "haizidi":

```
kitambaa:   2x + y ≤ 60
saa:        2x + 1.5y ≤ 72
oda:        y ≤ 32
pia:        x ≥ 0,  y ≥ 0
faida:      F = 300x + 180y
```

Kabla ya kuchora, inafaa kuona kwa nini akili ya kawaida haitoshi hapa. Ukipima faida kwa saa, rinda linashinda: shilingi 150 dhidi ya 120 za kaptura. Ukipima kwa mita ya kitambaa, kaptura inashinda: shilingi 180 dhidi ya 150. Fundi anayelalamika kwamba muda haumtoshi atachagua marinda, na anayelalamika kwamba kitambaa hakimtoshi atachagua kaptura, na wote wawili watakuwa wamepima kitu kimoja na kukisahau cha pili.

Kwenye karatasi ya grafu, weka x kwenye mhimili mlalo na y kwenye mhimili wima. Ili kuchora mstari wa kitambaa, chukua 2x + y = 60: y ikiwa sifuri, x ni 30; x ikiwa sifuri, y ni 60; unganisha nukta hizo mbili. Mstari wa saa hukata mihimili penye x = 36 na y = 48. Mstari wa oda ni mlalo, kwenye y = 32. Tia kivuli upande usiotakiwa wa kila mstari, kama wanafunzi wanavyofundishwa, ili eneo linalobaki jeupe liwe ndilo lenye mipango yote inayowezekana. Eneo hilo lina kona tano: (0, 0), (30, 0), (18, 24), (12, 32) na (0, 32). Kona ya (18, 24) ndipo mstari wa kitambaa na wa saa hukutana.

Mpango bora hupatikanaje katika eneo lenye nukta nyingi hivyo? Chora mstari mmoja wa faida, kwa mfano 300x + 180y = 5400, unaopita (18, 0) na (0, 30). Kila nukta iliyo kwenye mstari huo humpa fundi shilingi 5,400 zilezile. Sogeza rula kuelekea juu kulia bila kubadilisha mwinamo wake, na faida itapanda. Nukta ya mwisho ambayo rula itaigusa kabla ya kuliacha eneo jeupe ni (18, 24), yaani marinda 18 na kaptura 24, kwa faida ya shilingi 9,720. Kushona marinda matupu, ambayo ndiyo yenye faida kubwa kwa kila vazi, kungeishia marinda 30 na shilingi 9,000. Kitambaa kingekwisha huku saa 12 zikipotea. Kona ya (12, 32) hutoa shilingi 9,360 na kubakiza mita 4.

Mwinamo wa rula ndio unaoamua kona itakayoshinda, na kona haihami kwa kila badiliko la bei. Faida ya rinda ikibaki 300, mpango wa (18, 24) unabaki bora mradi faida ya kaptura iko kati ya shilingi 150 na 225. Ikishuka hadi 150 kamili, rula hulala sambamba na mstari wa kitambaa, na (30, 0) na (18, 24) hutoa shilingi 9,000 sawasawa. Ikishuka zaidi ya hapo, kaptura hazina tena nafasi katika mpango.

Grafu hujibu pia swali la pesa ya ziada. Mita 2 zikiongezwa, kona huhamia marinda 21 na kaptura 20, na faida hufika shilingi 9,900. Kila mita ya ziada ina thamani ya shilingi 90, kwa hiyo fundi anaweza kukubali kulipa hadi shilingi 90 juu ya bei ya kawaida. Saa moja ya ziada huongeza shilingi 60 tu, tena hadi kufikia saa 76. Baada ya hapo oda ya kaptura imejaa, na kitambaa chote kimekwisha, hivyo saa zaidi hazimletei chochote.

Tatizo hujitokeza kona isipoangukia nambari nzima. Akipata mita 61, kona huwa marinda 19.5 na kaptura 22. Kukata nusu hadi 19 humpa shilingi 9,660, chini ya alizopata kwa mita 60. Kupandisha hadi 20 hudai mita 62 ambazo hana. Jibu halisi ni marinda 20 na kaptura 21, kwa shilingi 9,780, nalo halipatikani kwa kukadiria kona. Hupatikana kwa kupima nukta za nambari nzima zilizo jirani nayo ndani ya eneo jeupe.

Fundi akiongeza sketi na shati, karatasi haitoshi tena, kwa kuwa kila vazi linadai mhimili wake. Hapo hutumika njia ya simpleksi, aliyoibuni mwanahisabati Mmarekani George Dantzig mwaka 1947, ambayo huhama kutoka kona moja hadi kona jirani yenye faida kubwa zaidi, na kusimama inapokosa jirani inayoizidi.